Kusafisha picha ndani ya simu: kwa nini modeli moja humaliza kwa sekunde mbili na nyingine kwa nusu dakika

Kwenye magrupu ya WhatsApp mtu hurusha picha ya harusi ya miaka ya nyuma, imepita mikono mingi hadi nyuso zimekuwa vibonge vya rangi. Baada ya muda mfupi mwingine anairudisha imenyooka: nyusi zinahesabika, na maua ya kitenge yamerudi. Swali linalofuata ni lile lile kila mara: umetumia programu gani? Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Mmoja anasema yake ni ya megabaiti chache na haili bando. Mwingine anadai hiyo ni ya uongo, maana programu ya kweli lazima iwe nzito. Wa tatu ameweka toleo lililoandikwa "int8", na anaambiwa kwamba ubora umekatwa mpaka robo.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kinachowachanganya ni vitu viwili tofauti vinavyotajwa kana kwamba ni kimoja, yaani ukubwa wa modeli, ule mfumo wa hesabu unaofanya kazi ndani ya programu, na urefu wa namba zilizomo ndani yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Picha ni jedwali la nukta za rangi, yaani pikseli. Tuchukue picha ya pikseli 640 kwa 480, ambayo ni jumla ya pikseli 307,200. Ukitaka kuikuza mara nne kila upande, unahitaji 2560 kwa 1920, karibu pikseli milioni 4.9. Kwa maneno mengine, pale palipokuwa na pikseli moja sasa zinatakiwa kumi na sita, na kumi na tano kati ya hizo hazijawahi kuwepo popote. Njia ya zamani ya kuzipata ni kuchanganya rangi za pikseli jirani kwa kanuni moja isiyobadilika. Ni ya haraka mno, lakini picha inatoka na ukungu, kwa sababu kanuni hiyo haijui kama inapita juu ya shavu au juu ya ukuta wa matofali.

Modeli ya kukuza picha hufanya kazi kwa njia nyingine. Imefundishwa kwa jozi nyingi sana za picha, kila jozi ikiwa na picha safi na nakala yake iliyoharibiwa makusudi, hadi ikajifunza kukisia kilichokuwepo kabla ya uharibifu. Kilichojifunzwa huhifadhiwa kama namba, ambazo tutaziita vigezo. Ukubwa wa modeli ni idadi ya namba hizo, basi.

Mfano mzuri tunao katika Real-ESRGAN, mradi wa watafiti wa Tencent uliotoka mwaka 2021 na ambao faili zake ziko wazi kwa yeyote. Modeli yake kubwa, `RealESRGAN_x4plus`, ina vigezo takriban milioni 16.7. Kila kigezo kikihifadhiwa kwa baiti nne, faili inafika karibu megabaiti 67. Kutoka mradi huo huo kuna modeli ndogo, `realesr-general-x4v3`, yenye vigezo milioni 1.2 na faili ya karibu megabaiti tano. Zote mbili hukuza mara nne. Basi aliyesema programu yake ni ya megabaiti chache huenda hakudanganya hata kidogo.

Lakini faili siyo gharama yenyewe. Simu yoyote ya leo ina nafasi ya megabaiti 67. Gharama inaonekana unapojua kwamba modeli ya aina hii haipiti juu ya vigezo vyake mara moja ikamaliza. Inavirudia vyote kwa kila pikseli ya picha uliyoipa. Modeli ndogo ina vigezo milioni 1.2, kwa hiyo hufanya takriban mazidisho milioni 1.2 kwa pikseli moja. Zidisha kwa pikseli 307,200 na unapata mazidisho bilioni 370 hivi. Modeli kubwa hufanya karibu milioni 18 kwa pikseli, kidogo zaidi ya idadi ya vigezo vyake, kwa sababu hatua zake za mwisho hufanyika picha ikiwa imeshakuzwa. Jumla yake kwa picha ile ile ni trilioni 5.5.

Sasa tuchukulie simu ambayo, kwa kazi halisi, inamaliza mazidisho bilioni 200 kwa sekunde. Modeli ndogo itachukua chini kidogo ya sekunde mbili. Kubwa itachukua sekunde 27. Huo ndio ugomvi wote wa kwenye grupu: simu zinaweza kuwa sawa na picha ikawa moja, ila ndani ya programu kuna modeli mbili zinazotofautiana kazi mara kumi na tano.

Nimesema "kazi halisi" kwa sababu tangazo la simu litakutajia trilioni kadhaa za hesabu kwa sekunde, na ukigawanya namba ile utashangaa kwa nini picha yako bado inazunguka. Kwanza, matangazo huhesabu kuzidisha na kujumlisha kuwa hesabu mbili, hivyo nusu ya namba inaondoka hapo hapo. Pili, namba hiyo kwa kawaida ni ya hesabu za namba fupi, zile za int8 tutakazozifikia. Tatu, na hili ndilo zito, chipu haiwezi kuzidisha kitu ambacho hakijafika mkononi mwake, na muda mwingi huishia katika kusubiri data itoke kwenye kumbukumbu ya simu.

Hapo kwenye kumbukumbu pana jambo ambalo hata watu wanaotengeneza programu hulisahau. Modeli ndogo niliyoitaja ina tabaka 34, yaani hatua za hesabu zinazofuatana, na karibu kila tabaka hutoa si picha moja bali ramani 64, yaani majedwali ya namba, zenye ukubwa wa picha uliyoipa. Hesabu: pikseli 307,200, mara ramani 64, mara baiti nne kwa kila namba. Ni megabaiti 78 kwa tabaka moja. Faili ya modeli ni megabaiti tano, ilhali kazi ya katikati inadai mara kumi na tano ya hizo, tena inaandikwa na kusomwa upya karibu mara thelathini na kitu. Ukijumlisha usomaji na uandishi wote kwa picha hii ndogo, zaidi ya gigabaiti tano za data zimepita njiani.

Ukiipa picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, ya pikseli 4000 kwa 3000, tabaka moja peke yake litataka gigabaiti tatu. Simu nyingi hazitakubali, programu itajifunga ghafla bila maelezo. Kwa sababu hiyo programu zote makini huikata picha vipande, tuseme vya pikseli 128 kwa 128, na kukisafisha kimoja kimoja. Ujanja huo unaokoa kumbukumbu lakini una gharama yake. Pikseli iliyo ukingoni mwa kipande inahitaji kuona majirani zake, na kwa tabaka 34 inawaona hadi pikseli 34 kila upande. Ukitaka viungo visionekane kabisa, kila kipande cha 128 lazima kikatwe kikiwa na nyama ya ziada hadi 196, na hapo kazi yote inaongezeka zaidi ya mara mbili. Watengenezaji wengi hubana hapo. Wanaweka ziada ndogo, kisha mtumiaji anaona mistari iliyonyooka ikikatiza anga au ukuta mweupe kama vigae. Ukiona mistari ya namna hiyo kwenye picha iliyosafishwa, usiilaumu modeli. Imesababishwa na mkato.

Tukielewa kwamba gharama ni mazidisho na usafirishaji wa namba, tunaweza kuona kwa nini watu wanafupisha namba zenyewe. Wataalamu huita kazi hiyo kwantaizesheni. Badala ya kila namba kukaa katika baiti nne, yaani biti 32, unaiweka katika biti 16 au hata 8.

Hatua ya kwanza, ya kutoka biti 32 kwenda 16, ni karibu bure. Namba ya biti 16 ya aina inayotumika hapa, iliyo kati ya 0.5 na 1, ina hatua, yaani pengo kati yake na namba inayofuata, ya takriban 0.0005. Picha ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, zikitandazwa kati ya 0 na 1, kwa hiyo hatua yake ni karibu 0.004. Kosa la namba ni dogo mara nane kuliko kitu kidogo kabisa ambacho skrini yako inaweza kukionesha. Faili inapungua nusu, data inayosafirishwa inapungua nusu, na GPU za simu nyingi, yaani sehemu ya chipu inayoshughulikia michoro ya skrini, huipenda biti 16 kuliko 32. Nikiona programu inayosafisha picha simuni kwa biti 32, najiuliza kama aliyeitengeneza alifika kwenye mipangilio.

Hatua ya pili, ya kwenda biti 8, ndiyo inayoandikwa int8, na ndiyo yenye maneno mengi. Biti 8 zinatoa thamani 256 tu. Fikiria mizani ya sonara na mizani ya mfanyabiashara wa mahindi, zote mbili zikiwa na alama 256. Ya sonara inaishia gramu chache na inakuonesha tofauti ya punje. Ya mahindi inaishia kwenye uzito wa gunia zima, na pete ukiiweka juu yake mshale hautikisiki. Idadi ya alama ni ile ile. Kinachotofautiana ni umbali ambao alama hizo zimetandazwa.

Kufupisha modeli ni kuichagulia kila tabaka mizani yake. Mtengenezaji huipitisha modeli juu ya mamia ya picha za mfano na kuangalia namba za kila tabaka zinacheza kati ya wapi na wapi. Kama tabaka fulani linacheza kati ya -1 na 1, alama 256 zinatandazwa humo na hatua inakuwa 0.008 hivi. Lakini ikitokea picha moja ya ajabu, tuseme ukurasa wenye maandishi meusi makali, na tabaka likaruka hadi 8 na -8, mizani itapanuliwa ili kuimeza, na hatua itakuwa 0.063. Sasa chukua unywele mmoja kwenye picha ya bibi harusi, ambao ndani ya tabaka lile uliwakilishwa na namba 0.02. Katika mizani ya kwanza unasalimika. Katika ya pili unakadiriwa kuwa sifuri, na unywele umetoweka. Modeli ni ile ile, biti ni zile zile nane, matokeo hayafanani.

Kwa hiyo dai kwamba int8 hukata ubora mpaka robo halina msingi. Kinachopungua mpaka robo ni faili na data inayosafirishwa. Ubora unaweza kubaki karibu ulivyokuwa, au ukaharibika vibaya, kutegemea mizani ilivyochaguliwa.

Modeli za kukuza picha zina udhaifu wa pekee hapa, kuliko zile za kutambua kama pichani kuna paka au mbwa. Modeli ya kutambua hutoa jibu moja mwishoni, na makosa madogo ya katikati humezwa. Modeli ya kukuza hutoa jibu kwa kila pikseli, na jicho la binadamu linayaona makosa yote. Pia, modeli nyingi za kukuza tangu mwaka 2017, ilipotoka modeli ya EDSR, ziliacha hatua inayosawazisha namba kati ya tabaka na tabaka, kwa sababu hatua hiyo iliharibu ubora wa picha. Faida yake ni picha bora. Hasara ni kwamba namba za ndani hutofautiana sana kutoka picha hadi picha, na kuchagua mizani kunakuwa kugumu.

Tabaka la mwisho ndilo la hatari zaidi. Mwanga wa picha unapaswa kuwa kati ya 0 na 1, na alama 256 zikitandazwa humo zinalingana kabisa na ngazi 256 za skrini. Lakini modeli isiyofungwa inaweza kutoa -0.3 hapa na 1.4 pale. Ukiipimia mizani ya upana huo wa 1.7, ni ngazi kama 150 tu ndizo zinazobaki katika eneo unaloliona. Matokeo yake ni anga ya jioni iliyogawanyika mikanda mikanda badala ya kufifia polepole. Mwaka 2021, kwenye mashindano ya Mobile AI ya kukuza picha kwa int8 kwenye chipu za vifaa vidogo, modeli ya XLSR ilikabiliana na tatizo hili kwa njia rahisi kuliko unavyodhani: tabaka la mwisho lilizuiwa lisitoke nje ya mipaka tangu wakati wa mafunzo. Modeli nyingine ya mashindano hayo, ABPN, ilichukua picha ya asili, ikairudia na kuijumlisha mwishoni, ili modeli ibaki na kazi ya kukisia marekebisho tu. Modeli ndogo ya Real-ESRGAN nayo hujumlisha picha ya asili namna hiyo. Ukifupisha namba za modeli iliyojengwa hivyo, rangi ya msingi haitegemei makisio, na ngozi ya mtu haibadiliki kuwa ya kijivu.

Na kasi je? Watu hudhani biti zikipungua mara nne, muda nao utapungua mara nne. Hutokea hivyo au karibu na hivyo pale tu chipu yenye NPU inapokubali modeli nzima. NPU ni sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa mazidisho ya aina hii, na nyingi zinafanya vizuri zaidi kwa int8. Tatizo ni kwamba kila NPU ina orodha ya hatua inazozijua. Modeli ikiwa na hatua moja ya aina isiyojulikana katikati, simu hulazimika kutoa data kwenye NPU, kuipeleka CPU, ile sehemu ya chipu ya kazi za jumla, kuifanyia hatua ile moja, na kuirudisha. Ikitokea hivyo kwa kila tabaka, modeli ya int8 inaweza kuwa ya polepole kuliko ile ya biti 16 iliyotulia kwenye GPU bila kuhamahama. Ndiyo maana programu ile ile inakimbia kwenye simu ya rafiki yako na kujikokota kwenye yako, ingawa zote zimenunuliwa mwaka mmoja.

Kuna na joto. Picha ya kwanza humalizika kwa sekunde mbili, ya kumi kwa nne, kwa sababu chipu imejipunguzia mwendo ili isiungue. Ukitaka kupima programu kwa haki, ipe picha kadhaa mfululizo na uangalie zile za mwisho. Kabla ya hapo, weka simu katika hali ya ndege. Programu ikigoma, basi kazi haifanyiki ndani ya simu yako. Picha zako zinasafiri kwenda kwenye seva ya mtu, na mazungumzo yote ya int8 hayahusiani nayo.

Kwa anayetaka kujua kama toleo fupi limeharibu kitu, macho peke yake hayatoshi, maana picha mbili zilizowekwa kando kando hufanana upesi. Ipitishe picha moja kwenye toleo la biti 16 na la int8, toa moja kutoka kwa nyingine pikseli kwa pikseli, kisha zidisha tofauti kwa kumi ili ionekane. Ukiona chembechembe zilizotawanyika bila mpangilio, kila kitu kiko sawa. Ukiona michoro ya uso, kingo za nguo au mabaka makubwa ya rangi moja, kuna tabaka lenye mizani mbovu. Dawa ya kwanza ni kubadili picha za mfano zifanane na zile ambazo watu huleta kweli: za usiku, zilizobanwa na WhatsApp, zilizopigwa kutoka kwenye albamu. Dawa ya pili ni kuyaacha tabaka la kwanza na la mwisho katika biti 16, maana kazi yao ni sehemu ndogo ya jumla. Zikishindikana zote, modeli ifundishwe upya huku namba zake zikiwa zimefupishwa, ili ijifunze kuishi na kosa hilo.

Umebaki ukubwa. Je, modeli kubwa inazidi ndogo kwa ubora mara kumi na tano? Hapana, hata karibu. Kwa nyuso zilizoharibiwa kidogo, wengi hawatatofautisha. Kubwa hujitenga kwenye vitu vyenye mpangilio mgumu, kama kusuka kwa mkeka, majani, nywele zilizosukwa; hapo ndogo huishia kuchora kitu laini kisicho na nyuzi. Lile lalamiko la "ngozi ya plastiki" mara nyingi linatokana na kiasi cha usafishaji wa chembe ambacho modeli imefundishwa kufanya, siyo ukubwa. Modeli ndogo ya Real-ESRGAN ilitolewa na pacha wake, `realesr-general-wdn-x4v3`, anayeziacha chembe zaidi, na unaweza kuchanganya vigezo vya wawili hao kwa uwiano unaoutaka. Ukipunguza usafishaji, ngozi inarudi kuwa ngozi bila kuongeza hata zidisho moja.

Kwa hiyo mimi, kwa simu ya bei ya kati, ningechukua modeli ndogo ya biti 16 kwenye GPU kabla ya kubwa ya int8. Modeli kubwa ya int8, hata kama NPU itaenda mara nne ya bilioni 200 zetu, bado ni sekunde saba kwa picha ndogo, na umeshaingia kwenye bahati nasibu ya mizani. Int8 kwa modeli ndogo nitaitaka pale penye video, ambapo sekunde mbili kwa kila picha haziwezekani.

Kuna kazi moja ambayo sitaipa modeli yoyote kati ya hizi, iwe kubwa au fupi. Watu hupeleka picha ya skrini ya ujumbe wa M-Pesa iliyofifia, au namba ya gari iliyopigwa kwa mbali, wakitaka kusoma tarakimu. Modeli haina njia ya kujua kama alama ile ilikuwa 3 au 8. Inachagua mojawapo na kuichora kwa kingo kali. Mwaka 2020 programu ya utafiti iitwayo PULSE, ya Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa pikseli, ikarudisha uso safi kabisa wa mwanamume mzungu. Modeli kubwa haipunguzi hatari hiyo. Inachofanya ni kuchora kosa kwa ustadi zaidi. Kwa tarakimu, kuza kwa njia ya zamani ya kuchanganya pikseli jirani. Itakuwa na ukungu, na pale isiposomeka utaona kwamba haisomeki.